Kumwomba rafiki gomesi yako bila kumsomea hesabu

*Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Busia upande wa Uganda. Rafiki yangu wa miaka mingi alikuja mwaka jana kuazima gomesi yangu ya hariri, aivae kwenye kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi, ya mdogo wake. Nikampa. Baadaye walipofiwa akachukua sufuria langu kubwa la kupikia watu wengi, kisha akachukua na sigiri. Hakuna kilichorudi. Juzi nimeona picha yake kwenye stetasi amevaa gomesi ile ile kwenye sherehe nyingine. Sasa na mimi nimealikwa kwanjula Iganga mwisho wa mwezi ujao na ninaihitaji. Shida ni kwamba huyu ndiye aliyekesha na mimi hospitali nilipojifungua kwa upasuaji. Nikidai ataona namhesabia. Mume wangu anasema niende tu nikachukue vitu vyangu vyote. Jirani anasema niweke maneno kwenye stetasi, mwenye masikio atasikia. Nifanyeje nipate vitu vyangu na nisionekane mchoyo?*

Dada yangu, mpigie rafiki yako simu wiki hii umwombe gomesi, gomesi peke yake. Sufuria na sigiri usivitaje katika simu hiyo, na picha uliyoiona usiiguse hata kwa mzaha. Mume wako amepatia jambo moja: vitu ni vyako na kuvitaka si kosa. Lakini ukifanya alivyosema, uingie kwake mikono mitupu na utoke umebeba vitu vitatu kwa mpigo, rafiki yako ataona hasa kile unachoogopa akione.

Wengi wanaoniletea shida kama yako wanadhani aibu iko kwenye kuomba. Nimekaa na majirani na wanachama wa vikundi vya akiba waliokosana kwa ajili ya mkeka, viti vya plastiki, hata jembe. Ninapomuuliza yule aliyeazima kilichomuuma ni kipi, ni mara chache sana aseme, "Aliomba kitu chake." Anasema, "Alinitajia kila kitu tangu mwanzo." Au, "Alimtuma mtoto." Au, "Nilisikia kwa watu." Ombi lenyewe angelipokea vizuri. Kilichomchoma ni vile vilivyofungwa pamoja nalo.

Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, Margaret Clark, alichapisha majaribio yanayoonyesha jambo hili vizuri. Watu wawili walipewa karatasi iliyojaa tarakimu, watafute kwa zamu mifuatano fulani na kuizungushia duara kwa kalamu, na malipo yangekuwa ya kugawana wote wawili. Kalamu zilikuwa za rangi tofauti. Mmoja akishamaliza zamu yake, mwenzake alikuwa huru kuchukua rangi ile ile au nyingine. Wasiojuana walielekea kuchukua rangi tofauti, ili mwisho ionekane nani amepata ngapi. Marafiki hawakujisumbua na hilo. Kazi ikachanganyikana kwenye karatasi na hakuna aliyejali ipi ni ya nani.

Hapo ndipo orodha inapouma. Ukimwambia, "Gomesi tangu mwaka jana, sufuria tangu msiba wenu, na sigiri pia," anachosikia ni kwamba muda wote huo mlipokuwa mkicheka na kula pamoja wewe ulikuwa na kalamu ya rangi yako mkononi. Ukimwambia, "Nina sherehe tarehe fulani, nataka kuvaa gomesi yangu," hapo hakuna rangi ya mtu yeyote. Kuna nguo na kuna siku. Hata mtu mwenye haya sana anaweza kulisikia hilo bila kujitetea, kwa sababu hakuna shitaka ndani yake la kulijibu.

Na ule usiku wa hospitali uuweke kando kabisa. Kuna njia mbili za kuuharibu. Ya kwanza ni hii unayoifanya sasa, ya kujiambia kwamba kwa kuwa alikesha nawe, basi gomesi iwe kama shukrani yake. Yeye hakukesha ili apate gomesi, na akijua unamlipa kimoyomoyo kwa nguo yako atajisikia vibaya kuliko ukimwomba airudishe. Njia ya pili ni kuanza ombi kwa maneno kama, "Najua ulinisaidia sana nilipojifungua, lakini..." Nia yako ni kumlainisha. Ila kwa kuutaja usiku ule na nguo katika pumzi moja, umeviweka kwenye mizani moja. Kama una la kumshukuru, na unalo, mshukuru siku nyingine ambayo huna haja ya kitu kwake.

Sasa tuje kwenye ile picha, maana naona ndiyo iliyokuwasha moto hadi ukaandika. Umeitazama ukasema moyoni, huyu anajua ni yangu na anaivaa bila haya. Inawezekana. Lakini kuna maelezo mengine ambayo mimi nayaona mara nyingi zaidi. Mtafiti Francis Flynn aliwauliza wafanyakazi wa shirika moja la ndege la Marekani kuhusu fadhila walizotendeana kazini, na mwaka 2003 akachapisha alichokipata. Fadhila ikiwa mbichi, aliyepokea ndiye huiona kubwa, na aliyetoa huiona ndogo. Siku zikipita mambo hugeuka: thamani yake hushuka machoni pa aliyepokea na kupanda machoni pa aliyetoa. Siku unamkabidhi gomesi, yeye aliiona ni mzigo mkubwa wa wema na wewe ukasema, "Ah, chukua tu." Leo wewe unaiwaza kila ukifungua kabati, na kwake ni nguo inayoning'inia miongoni mwa nguo zake. Hukumpa siku ya kurudisha, hukuuliza Krismasi ilipopita, na mlipoonana sokoni mkasalimiana kama kawaida. Kimya chako alikisoma kama ruhusa. Sikuambii haya ili umwonee huruma. Nataka uelewe kwamba kadiri unavyosubiri akumbuke mwenyewe, ndivyo kukumbuka kwake kunavyozidi kuwa mbali, na ndivyo hasira yako inavyozidi kukomaa. Ndiyo maana nakwambia wiki hii.

Kabla hujashika simu, amua kuhusu vile vitu vitatu. Havifanani hata kidogo. Gomesi ina tarehe, kwa hiyo ndiyo ya kwanza. Sufuria huna kazi nalo kesho, lakini ni mali ya bei na kila ukipata shughuli utalitafuta, kwa hiyo hilo litaombwa baadaye, likiwa na siku yake lenyewe. Sigiri, kwa mawazo yangu, mwachie. Imetumika kila siku kwa miezi, udongo wake wa ndani utakuwa umepasuka, na hata ikirudi utaishia kununua nyingine vile vile. Lakini kumwachia maana yake ni kuifuta kweli. Kuna kipimo kimoja cha kujua kama umeifuta: jiulize, siku mkikosana kwa jambo lingine kabisa, utaitaja? Kama jibu ni ndiyo, hujaifuta, umeificha tu, na afadhali uiombe kama vitu vingine. Sigiri iliyotajwa baada ya miaka 2 katikati ya ugomvi ndiyo inayomfanya mtu aonekane mchoyo kuliko yote.

Sasa simu yenyewe. Napendelea simu kuliko ujumbe wa kuandika, kwa sababu sauti yako inabeba urafiki wenu na maandishi hayaubebi. Ukiandika "Naomba gomesi yangu", yeye ndiye atakayeamua umeandika kwa uso gani, na mtu mwenye kitu cha mwenzake hupenda kuona uso uliokunjwa. Kama mnakutana ana kwa ana kila siku, mwambie ana kwa ana, ila mkiwa wawili tu. Usimwambie mbele ya mume wake, wala kwenye mkutano wa kikundi, wala dukani kuna wateja. Mtu akiombwa kitu cha kuazima mbele ya watu hurudisha haraka, hilo ni kweli, na hakusamehi.

Salamu zote ziende kwanza kama kawaida yenu, nyumbani, watoto, biashara ya mpakani inaendaje. Zikiisha, lisemwe ombi. Usilingoje hadi mwisho wa mazungumzo, ukishaaga, ndipo useme, "Eeh, na ile gomesi..." Watu wengi hufanya hivyo wakidhani linapungua uzito. Msikilizaji husikia kinyume chake: kwamba robo saa nzima ya maneno matamu ilikuwa njia ya kufikia hapo. Sema mapema kisha muendelee kuongea mengine, ombi lizame ndani ya mazungumzo na simu iishe kwa habari nyingine.

Maneno yawe karibu na haya: "Mama Fulani, nimealikwa kwanjula Iganga mwisho wa mwezi ujao, na nataka kuvaa ile gomesi yangu ya hariri. Nitaihitaji mapema kidogo niipeleke kwa fundi aitazame. Jumamosi hii asubuhi niko sokoni, nitapita kwako niichukue. Saa nne utakuwepo?"

Tazama kilichomo. Kuna sababu, na ni ya kweli. Usitunge sababu. Busia ni ndogo, na mtu aliyesema ana harusi Jumapili akaonekana Jumapili hiyo anaanika mahindi uani ameharibu ombi lake na lijalo. Mtu asiye na sherehe anaweza kusema tu, "Nataka kuirudisha kwenye kabati langu," na inatosha. Kuna neno "yangu", limesemwa mara moja bila kukazwa. Kuna siku na saa. Na kuna wewe unayekwenda kuchukua. Hili la mwisho usilione dogo. Vitu vingi vya kuazima havikai kwa sababu mtu amekataa kurudisha. Vinakaa kwa sababu kuvirudisha ni safari: avikunje, atafute mfuko, aache biashara, alipe boda, afike kwako akiwa na aibu ya miezi yote hiyo usoni. Ukisema utapita mwenyewe, umemwondolea yote hayo na kumwachia kazi moja tu ya kuitoa ndani. Kama huwezi kupita, mtume bodaboda mnayemfahamu wote na nauli yake uilipe wewe. Sh. 2,000 au 3,000 za boda ni rahisi kuliko wiki nyingine 3 za kungoja. Na usimtume mtoto. Mtoto akifika mlangoni na kusema, "Mama amesema nipewe gomesi yake," maneno ni yale yale, lakini rafiki yako atayasikia kama amri, na tena mbele ya mtoto ambaye naye ataondoka na habari.

Tazama pia kisichokuwemo. Hakuna "samahani kukusumbua". Ukiomba msamaha kwa kutaka nguo yako, unamfundisha kwamba kuna kosa limetendeka, naye ataanza kutafuta ni la nani. Hakuna "kama bado unaitumia si neno". Sentensi hiyo ni mlango wa kutokea, na mtu akionyeshwa mlango hupita. Atajibu, "Ndiyo, bado kidogo," nawe umekwama kwa maneno yako mwenyewe. Hakuna "tangu mwaka jana". Na hakuna picha. Ukiitaja picha, simu yote itakuwa juu ya picha: alipewa ruhusa na nani, alivaa mara ngapi, kwa nini unamchunguza. Utamaliza dakika ishirini, umeshinda hoja, na gomesi bado iko kwake.

Ile shauri ya jirani yako ya kuweka maneno kwenye stetasi naikataa kwa nguvu zote. Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa mistari miwili ya aina ya "wengine wamezoea vya bure". Kwanza, mlengwa mara nyingi hajitambui. Watano wasiohusika watajiona wao, na yule mmoja atapita akidhani unamsema wifi yako. Pili, akijitambua, ametajwa mbele ya watu wote wenye namba yako, na sasa kurudisha gomesi ni kukiri hadharani. Atasubiri upepo upite, na itapita miezi.

Baada ya simu, mambo yanaweza kwenda kwa njia kadhaa. Iliyo ya kawaida zaidi ni kwamba atasema, "Jamani, hata nilikuwa nataka kukuletea," na Jumamosi utaikuta imekunjwa. Usimjibu kwamba angeileta tangu zamani. Sema asante, kaeni, kunyweni chai.

Inaweza pia kutokea akakubali, ukafika Jumamosi, hayupo. Hapa ndipo wengi hupandisha sauti, na mimi nakushauri urudie maneno yale yale ukiwa na siku mpya, mafupi zaidi: "Nilipita sikukukuta. Nitapita Jumatatu jioni. Kama hutakuwepo, iache kwa jirani yako." Usiongeze uchungu kwenye ombi la pili. Kurudia jambo lile lile kwa sauti ile ile kunaeleweka vizuri kuliko unavyodhani, na hakumpi kitu cha kukasirikia. La tatu, lifanye ana kwa ana, nyumbani kwake, ukae mpaka aitoe. Hapo huhitaji maneno makali. Kukaa kwako kunatosha.

Jibu gumu ni hili: "Nilimwazima dada yangu yuko Mbale." Usimpigie huyo dada. Wewe hukumpa yeye, humjui, na ukimfuata utakuwa umefungua kesi ya ukoo mzima. Mwambie rafiki yako, "Basi mpigie leo aipe basi inayokuja Busia, mimi nitaipokea stendi. Akishaipakia nipe namba ya dereva." Kwa njia hiyo kazi inabaki kwake aliyeichukua kwako, na wewe una kitu cha kukishika ambacho ni namba ya dereva. Ahadi ya "ataileta akija" huna pa kuishika. Nimewahi kusaidia familia mbili za kambi ya polisi zilizokuwa kwenye hali hii, na pale mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu uhamisho ukija lori linapakiwa usiku na kitu chako kinaweza kuamkia wilaya nyingine. Anayeishi kambini asiazimishe kitu bila kusema siku. Wewe angalau rafiki yako yupo hapo hapo.

Sasa tuseme ameirudisha, na ina kasoro. Gomesi inasema ukweli wake mahali pachache: mabega yaliyosimama yakilala kwa sababu imefuliwa vibaya, vile vifungo viwili vya bega la kushoto kimoja kikikosekana, ule mshipi mpana wa kiunoni ukiwa umepotea au umebadilishwa na mwingine usiofanana, na pindo la chini kuchanika kwa kukanyagwa. Usiikunjue mlangoni na kuikagua mbele yake kama mpakani. Lakini ikunjue siku hiyo hiyo ufikapo nyumbani, kwenye mwanga wa kutosha, kwa sababu kasoro ikisemwa baada ya wiki 2 haina mwenyewe. Kifungo na pindo, peleka kwa fundi, maliza. Hayo ni ya kuvaliwa nguo, hata ungevaa wewe yangetokea. Mshipi uliopotea, au doa la mchuzi lisilotoka kwenye hariri, lisemwe kesho yake: "Nimeifungua gomesi, mshipi haumo. Tazama kwako tafadhali, na usipopatikana twende wote kwa fundi atuambie bei ya kushona mwingine." Neno "twende wote" linamweka upande wako. Bei itatajwa na fundi, si wewe, na hapo rafiki mwenye staha atatoa pesa bila kuombwa. Akitoa nusu, pokea nusu. Ila usimwambie "hakuna shida" kama shida ipo. Ukisema hakuna shida leo, huna haki ya kuileta mwakani.

Kuna jibu moja ambalo najua ndilo linalokunyima usingizi: "Kumbe unanihesabia?" Likija, usikane kwa maneno mengi. Anayekana sana huonekana ameshikwa. Mjibu taratibu: "Sikuhesabii. Nina sherehe, nataka nguo yangu. Wewe ni rafiki yangu leo kama jana." Kisha nyamaza. Kimya baada ya maneno hayo ni kigumu na utatamani kukijaza kwa kusema, "Hata sufuria sijakuuliza." Usiseme. Sentensi hiyo moja ingefuta kazi yote, maana ingekuwa kweli ulikuwa unahesabu. Akikasirika siku mbili tatu, mwache akasirike. Mara nyingi hasira hiyo ni aibu tu, na hutulia akiona hujabadilika. Siku ya nne mpigie umwulize kuhusu mtoto wake au biashara yake, bila neno la gomesi.

Kuna watu watakaokwambia uende kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Ni kweli mahakama za mitaa zimepewa na sheria ya mwaka 2006 uwezo wa kusikiliza madai madogo ya mali na madeni, na kama mtu amekataa waziwazi kurudisha mali ya thamani, mlango huo upo na si aibu kuutumia. Lakini ukishaingia huko mmekuwa mdai na mdaiwa, na barua ya wito haina salamu. Uuache kwa mtu ambaye huna urafiki naye wa kuulinda, au ambaye amekwambia kwa kinywa chake kwamba harudishi.

Sufuria sasa. Gomesi ikisharudi, acha zipite wiki 3 au 4 hivi, mtembeleane, mle, kusiwe na ombi lolote. Ukiomba sufuria kesho yake baada ya gomesi, umerudi kwenye orodha, tofauti ni kwamba umeigawa vipande. Kisha subiri shughuli yako ya kweli inayohitaji sufuria kubwa. Idi, Krismasi, maziko, kikundi kuja kwako, haikosi. Mwambie wiki moja kabla, si siku ile, kwa sababu sufuria la ukubwa huo huzunguka. Yawezekana sasa liko kwa mtu wa tatu anayepika maandazi ndani yake, na rafiki yako atahitaji siku za kulifuata. "Mama Fulani, Ijumaa ijayo nina wageni, nitahitaji sufuria langu kubwa. Alhamisi nitamtuma boda." Kama siku hiyo ana nafasi, mwalike aje kukusaidia kupika na aje nalo. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa vyombo vya jikoni. Sufuria linarudi likiwa na mwenye kulishika, mnapika, mnaosha, na jioni linabaki kwako bila mtu kusema lolote.

Ukilipata, tia alama. Mama wengi wa Busia hupaka rangi ya kucha chini ya kitako cha chombo au humwomba fundi akwaruze herufi mbili kwenye mpini. Msibani masufuria ya nyumba kumi huchanganyika, na nusu ya magomvi ya vyombo ninayoyasikia hayatokani na mtu kukatalia kitu. Hakuna anayejua kwa hakika lipi ni la nani, basi kila mtu anabaki na lililo karibu.

Na atakuja tena kuazima, kwa sababu ni rafiki yako na mna maisha ya kusaidiana. Mpe kama unataka kumpa. Tofauti iwe moja tu, kwamba siku ya kurudi isemwe pale pale mkono ukiwa bado umeshika kitu: "Chukua. Sherehe ni Jumamosi, Jumatatu nitapita kuichukua." Hapo hakuna anayehisi vibaya, fadhila bado ni mbichi na machoni pake ni kubwa. Jumatatu ikifika, pita kweli, hata kama huna haja nacho wiki hiyo. Usipopita, utakuwa umeanza tena miezi ya kungoja.